Chapa ya kampuni ya mazishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wenye kampuni za mazishi na kwa madizaina wanaopewa kazi ya aina hii kwa mara ya kwanza. Majibu ni yangu, nikiwa mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuandika maneno ya kampuni hizo na kukaa na madizaina wao. Suala la maneno nimelijibu kwa urefu kuliko mengine kwa sababu huko ndiko chapa nyingi zinakoharibikia. Nembo nimeipitia haraka.

Chapa ya kampuni ya mazishi inatofautiana wapi na ya biashara nyingine?

Inatofautiana kwa msomaji. Mtu anayefungua ukurasa wenu hakutaka kufika hapo. Mara nyingi ni usiku wa manane, ameketi nje ya wodi au kwenye ukingo wa kitanda, simu ina chaji kidogo na ndugu wanampigia kila dakika mbili. Anataka kujua mambo matatu: kama simu yenu itapokelewa sasa hivi, kama mtakuja kumchukua marehemu, na itagharimu kiasi gani. Akipata majibu hayo ataondoka, na kuondoka huko ndiko kufanikiwa kwa ukurasa. Biashara nyingine humshika mteja abaki, atazame, alinganishe, ashawishike. Ninyi mnatakiwa mumruhusu aende.

Kwa hiyo kila uamuzi, uwe wa rangi, wa ukubwa wa herufi au wa sentensi ya kwanza, mimi humpelekea mtu huyo aliyeketi nje ya wodi. Kama haumsaidii, unatoka, hata kama ni mzuri.

Yupo na msomaji wa pili, ambaye kampuni nyingi humsahau. Ni yule aliyekuja kuzika. Yeye hajawahi kufungua tovuti yenu, lakini ameona gari, ameona mavazi ya watumishi, ameshika ratiba ya ibada yenye jina lenu pembeni. Miaka kadhaa baadaye, zamu yake ikifika, atakumbuka namna mlivyosimama siku ile.

Ni maneno gani yanayofanya tangazo lisikike kama linasukuma?

Mengi ni maneno ya kawaida kabisa ya biashara, yaliyohamishwa bila mtu kuyafikiria. Chukua neno "kifurushi". Kwa masikio ya leo kifurushi ni dakika na intaneti: kinaisha, kinaongezwa, kina cha wiki na cha mwezi. Ukiandika "kifurushi cha mazishi" umemweka baba wa mtu kwenye rafu moja na bando. Andikeni "huduma zilizomo", au tajeni vilivyomo moja kwa moja.

"Ofa", "punguzo", "wahi", "usikose", "leo tu": haya hayahitaji maelezo, ingawa nimeyaona yote. Kuna mengine yanayojificha zaidi. "Mteja wetu mpendwa" kwa mfiwa ni baridi. "Familia" au "wafiwa" yanatosha. "Suluhisho" linadai kwamba kifo kilikuwa tatizo na ninyi mmelitatua. Alama ya mshangao sijawahi kuiona ikifanya kazi nzuri mahali popote kwenye maandishi ya mazishi, hata kwenye "Asante!".

Kosa langu mwenyewe lilikuwa kwenye risiti. Tulikuwa tumekaa wiki nzima tukichuja maneno ya tovuti, ya vipeperushi, hata ya kadi ndogo inayobandikwa kwenye shada. Risiti hakuna aliyeigusa, ilitumika kama ilivyotoka kwenye programu ya mauzo. Chini yake iliandikwa: "Asante kwa kutuchagua. Karibu tena." Mjane mmoja aliirudisha kaunta bila kusema neno, akaweka kidole juu ya mstari huo, akatoka. Tangu siku hiyo nikianza kazi kwenye kampuni mpya huomba kwanza risiti, ankara, ujumbe unaojiandika wenyewe kwenye simu na sauti ya mashine ya kupokelea simu. Tovuti huja baadaye.

Tuandike "mwili", "maiti" au "marehemu"?

Hapa Kiswahili chenyewe kinawasaidia, mkikifuata. "Marehemu" ni mtu: amefika, atalala hapa, tutamvisha. "Mwili" ni kitu: umefika, utahifadhiwa, tutauvisha. Tofauti hiyo ya *a-* na *u-* msomaji hataitaja, lakini ataisikia. Sentensi "mwili utachukuliwa saa nne" inamwambia mfiwa kwamba mama yake ameshageuka mzigo. "Tutamchukua marehemu saa nne" inabeba taarifa ileile, na mama bado ni mama.

Kanuni ninayotumia ni hii. Panapozungumzwa na familia, "marehemu", au bora zaidi jina lake pamoja na kile alichoitwa nyumbani: Mzee, Bibi, Mama fulani. Panapozungumzwa mambo ya kitaalamu, "mwili" ni sahihi na ni wazi: mwili huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 4, mwili utaoshwa, kibali cha kusafirisha mwili. Kulazimisha "marehemu" hapo kunaleta kichekesho. Fikiria kibao kwenye jokofu kinachosema "Marehemu: nyuzi 4".

"Maiti" ni neno halali na lina heshima yake katika dini. Anayesema "sala ya maiti" hamvunjii mtu adabu. Lakini kwenye maandishi ya kampuni linasikika kama la ripoti ya ajali. Liacheni kwa familia zinazolitumia zenyewe, na kwa majina ya vyumba na nyaraka ambako tayari limezoeleka.

Na "mpendwa wenu" je? Litumieni kwa uchache. Si kila marehemu alikuwa mpendwa wa kila anayekuja kumzika, na anayesaini fomu huenda ni mtoto aliyekuwa hazungumzi na baba yake kwa miaka. "Marehemu" haliwasemei watu mioyo yao.

Na kifo chenyewe tukitajeje?

"Amefariki" au "amefariki dunia". Limetosha kila nilipolitumia. "Amekufa" ni kavu mno likitoka kwa mgeni, ingawa wafiwa wenyewe hulitumia na hampaswi kuwasahihisha. "Ametutoka" si lenu kulisema, kwa sababu hakuwatoka ninyi.

Kuweni waangalifu na maneno yanayobeba imani. "Ametangulia mbele za haki", "ametwaliwa", "amelala katika Bwana", "apumzike mahali pema peponi" ni mazuri yakitoka kwa mtu wa imani hiyo kwenda kwa mwenzake. Yakiwa yamechapwa tayari kwenye kadi ya kampuni, mnabahatisha. Kampuni inayohudumia dini zaidi ya moja iache nafasi hiyo wazi na iulize: "Mngependa tuandike maneno gani juu ya jina?" Swali hilo moja lina heshima kuliko aya nzima ya faraja iliyokwisha kuandikwa.

Simu ipokelewe vipi?

Msipokee kwa "Habari yako?" Najua ni adabu, na kumnyima mtu salamu huonekana ukavu. Lakini salamu yetu inadai jibu, na jibu lake ni "nzuri". Mtu ambaye dakika kumi zilizopita amefumba macho ya mama yake analazimika kuwaambia ninyi kwamba habari ni nzuri. Wengi husema hivyo, kisha hunyamaza, na huo unyamavu ndio mwanzo wa mazungumzo yenu.

Mpokeaji ataje kampuni, ataje jina lake, aseme "nakusikiliza". Akishaambiwa kuna msiba, aseme "pole sana" mara moja, kwa utulivu, na anyamaze kidogo kabla ya kuuliza. Neno "pole" ni bahati ya lugha yetu. Linafanya kazi ambayo lugha nyingine zinaitafutia sentensi nzima. Lakini likirudiwa kila baada ya jibu linageuka kiitikio, na mpigaji ataanza kulihesabu.

Muziki wa kusubiria uzimwe.

Tunaweza kuona ukurasa mmoja ulivyorekebishwa, neno kwa neno?

Huu ni wa kampuni ambayo sitaitaja. Ukurasa wao wa mwanzo ulisema hivi:

> Karibu sana! Tunaelewa uchungu wako. Usihangaike tena! Pata kifurushi chetu cha Dhahabu leo na uokoe. Nafasi ni chache, wahi sasa. Mpe mpendwa wako heshima anayostahili!

"Karibu sana" inamkaribisha mtu mahali ambapo angetoa chochote asifike. "Tunaelewa uchungu wako" si kweli, kwa kuwa hamjui hata ni nani amefariki. "Usihangaike tena" ni sauti ya dawa ya mbu. "Nafasi ni chache" ingekuwa tishio hata kama ingekuwa kweli, na haikuwa kweli.

Lakini mstari uliokuwa mbaya kuliko yote ni wa mwisho, na ndio mwenye kampuni aliokuwa akiupenda. "Mpe mpendwa wako heshima anayostahili" inaonekana ya upole. Isome ukiwa mtu mwenye uwezo mdogo. Inakuambia kwamba heshima ina bei, kwamba baba yako anastahili kiasi fulani, na kwamba ukichagua cha chini utakuwa umempunja mbele ya watu. Hakuna tangazo la "wahi sasa" linalosukuma kwa nguvu hiyo, kwa sababu "wahi sasa" mtu huona anasukumwa. Hili linamwingia akidhani ni dhamiri yake mwenyewe inayosema.

Jina "Dhahabu" lilikuwa ndugu wa mstari huo. Huduma zao zilikuwa tatu: Shaba, Fedha na Dhahabu. Nilimuuliza mwenye kampuni kama yeye angeweza kusimama mbele ya wajomba zake na kusema, "Mzee tumemchukulia Shaba." Alicheka, kisha hakucheka tena. Tukazipa majina ya kile kinachofanyika: "Usafiri na jeneza", "Maziko bila ibada ukumbini", "Maziko pamoja na ibada ukumbini". Hayana mvuto wowote, na ndivyo tulivyotaka.

Rasimu ya kwanza ya maneno mapya ilikuwa na sentensi niliyoipenda mimi: "Si lazima uamue chochote leo." Mhasibu wao ndiye aliyeikataa. Akasema ada ya kuhifadhi inahesabiwa kuanzia siku ya pili. Tukimwambia mtu asiamue, atakuja kuikuta kwenye ankara. Alikuwa na haki. Maneno laini yanayoficha gharama ni mtego uliofunikwa kitambaa. Tukaishia hapa:

> Pole kwa msiba.
>
> Ukihitaji marehemu achukuliwe sasa, piga simu hii. Inapokelewa na mtu, usiku na mchana.
>
> Tutakuuliza mambo mawili: marehemu yuko wapi, na tumpigie nani tukifika. Mengine yanaweza kusubiri kesho.
>
> Siku ya kwanza ya kuhifadhi hailipiwi. Kuanzia siku ya pili kuna ada ya kila siku. Iko kwenye orodha ya bei pamoja na bei nyingine zote.

Angalieni kwamba hakuna sifa hata moja ya kampuni. Hakuna "kwa weledi", "kwa upendo", "kwa miaka mingi". Utulivu wa ukurasa unatokana na kwamba kila sentensi inamwondolea msomaji jambo moja la kuhangaikia. Namba ya simu iliwekwa juu kabisa, kwa tarakimu kubwa, na ikiguswa inapiga. Kitufe kilichokuwa kimeandikwa "Nunua sasa" kikawa "Piga simu". Fomu yenye nafasi kumi na moja za kujaza ikabaki na mbili, jina na namba.

Kuandika bei waziwazi hakushushi heshima?

Wengi wanaamini hivyo, kwamba bei ni jambo la kunong'onezana ofisini. Mimi nasema kinyume: kuficha bei ndiko kunakosukuma. Mtu asiyejua bei hawezi kukataa. Lazima aje, aketi, anyweshwe maji, aambiwe pole, na akishafika hapo aibu humfunga mdomo asiseme "hiki hatukiwezi".

Kuna nchi ambako sheria ilibidi iingilie. Marekani ilianza kutumia Kanuni ya Mazishi mwaka 1984: kampuni inatakiwa itaje bei kwa simu ikiulizwa, na anayefika ofisini kuulizia apewe orodha ya bei ya kuondoka nayo. Orodha hiyo lazima imwambie kwamba anaweza kuchagua vile tu anavyovitaka. Uingereza, tangu Septemba 2021, kampuni za mazishi zinatakiwa kuonyesha orodha ya bei ya mfumo mmoja ofisini na kwenye tovuti. Hata kama hakuna sheria inayowalazimisha, muundo huo ni mzuri kuiga: kila kitu mstari wake, bei yake pembeni, na sentensi moja juu inayosema kipi ni cha lazima na kipi ni cha hiari.

Kuhusu mpangilio, anzeni na bei ya chini. Ukianza na jeneza la bei kubwa ili yanayofuata yaonekane nafuu, huo ni ujanja wa duka la fanicha na wafiwa wanaujua. Na msiandike "bei nafuu". Andikeni bei, unafuu wataupima wenyewe.

Rangi lazima iwe nyeusi?

Hapana. Nyeusi ni rangi ya msiba kwa watu wengi, na picha hiyo ilipata nguvu kubwa kwa Malkia Viktoria wa Uingereza, aliyevaa nyeusi tangu mumewe alipofariki mwaka 1861 hadi yeye mwenyewe alipofariki mwaka 1901. Lakini kwa Wahindu rangi ya msiba ni nyeupe, na sanda ya Waislamu nayo kwa kawaida ni nyeupe. Hakuna rangi moja inayosema "msiba" kwa wote, kwa hiyo msiitafute. Tafuteni rangi isiyogombana na mavazi ya waombolezaji, kwa sababu gari lenu na hema lenu vitapigwa picha pamoja nao.

Rangi ninayoanzia mara nyingi ni bluu iliyokolea karibu na usiku, kwa mfano `#1F2A44`, juu ya nyeupe iliyopoa kidogo kama `#F7F5F0`. Nyeupe kali kabisa humchoma macho mtu aliyelia, hasa gizani. Kijani kilichokolea na kahawia ya mti vinafaa pia. Nyekundu naiepuka hata kwenye alama za makosa ya fomu, ambako kila programu huipendelea: mfiwa amekosea tarakimu moja ya simu, na skrini inamfokea.

Ikumbukwe kwamba bluu hiyo ikienda kiwandani inaweza kurudi zambarau. Hutokea pale wino wa majenta unapokaribia mno kiasi cha wino wa sayani. Mwambieni mchapaji apunguze majenta, na ombeni karatasi ya majaribio mbele ya mwanga wa mchana kabla ya kuchapa kadi elfu.

Dizaina ametuletea kijivu chepesi na dhahabu. Inapendeza, ila hatusomi vizuri. Nani yuko sahihi?

Ninyi. Kijivu hafifu na dhahabu ndiyo mazoea ya madizaina wanapoambiwa "tulivu na ya heshima", na yote mawili yanakwama kwenye kipimo kimoja. Mwongozo wa WCAG, unaoeleza jinsi ya kufanya tovuti zisomeke na watu wote, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu `#999999` juu ya nyeupe hakifiki hata 3. Dhahabu kama `#C9A24B` juu ya nyeupe ni takriban 2.4. Bluu niliyoitaja, juu ya nyeupe yake iliyopoa, inapita 13. Sasa rudini kwa yule mtu nje ya wodi, mwenye machozi machoni na skrini aliyoipunguza mwanga kuokoa chaji. Kwake 2.4 ni ukurasa mtupu.

Dhahabu ina balaa jingine. Kwenye skrini na kwenye karatasi ya kung'aa inavutia, lakini ikichapwa kwa wino nne za kawaida haing'ai. Inatoka kama haradali. Mkiitaka kweli, iwe mstari mwembamba au nembo iliyopigwa kwa foili, isiwe maandishi ya mtu kusoma.

Herufi ziwe za kawaida, zilizosimama, kuanzia pikseli 17 au 18 kwenye simu, mistari ikiachana mara moja na nusu ya ukubwa wa herufi. Zile za kuigiza mwandiko wa mkono ziacheni. Jaribuni kuandika kwa herufi hizo jina lenye *ng'* na mtaona kinachotokea kwa ile alama ya juu. Jina la marehemu likikosewa, hakuna rangi itakayoliponya.

Nembo iwe njiwa, mshumaa au jua linalozama?

Vyote vimetumika hadi vimechakaa. Jina lililoandikwa vizuri, bila mchoro, linatosha kwa kampuni nyingi. Kaulimbiu si lazima. Nikilazimishwa, huandika kitu kinachoweza kuthibitishwa, kama "Simu inapokelewa usiku na mchana", kisha kampuni iwe tayari kuthibitisha saa tisa za usiku.

Gari liandikweje?

Gari ndilo tangazo lenu linaloonekana kuliko yote, na ndiyo maana lazima liwe tangazo dogo kuliko yote. Nimeona gari lenye namba tatu za simu ubavuni, kwa nyekundu, na "Tunasafirisha popote!" juu ya kioo. Familia ikipiga picha ya mwisho na jeneza, hizo namba zimo kwenye albamu yao milele.

Jina la kampuni peke yake, kwenye mlango wa nyuma, herufi za sentimita 4 hadi 5 hivi: mtu aliye kwenye gari linalofuata analisoma, mtu wa ng'ambo ya barabara halimgusi. Zipo familia zisizotaka jina lolote siku hiyo, kwa hiyo kibao cha sumaku kinachobanduka ni bora kuliko stika. Gari linalokwenda hospitali kuchukua marehemu, tofauti na la siku ya maziko, lisiandikwe kitu kabisa.

Tunaweza kutangaza mtandaoni bila kuonekana tunawinda misiba?

Mnaweza, mkitenganisha watu wawili. Aliyefiwa leo atawatafuta mwenyewe, na tangazo linalotokea kwenye matokeo ya utafutaji wake ni jibu. Lakini zimeni yale matangazo yanayomfuata mtu kila anakokwenda baada ya kufungua ukurasa wenu. Mwanamke aliyeangalia majeneza Jumatatu hatakiwi kuyakuta pembeni ya mapishi Alhamisi, wala mwezi ujao. Mwambieni anayewasimamia matangazo kwa maandishi, kwa sababu mipangilio hiyo mara nyingi huwa imewashwa bila mtu kuuliza.

Anayepanga mazishi yake mwenyewe akiwa hai ni mtu mwingine kabisa. Yeye ana muda, anaweza kusoma kurasa nyingi, hata mzaha mdogo anauvumilia. Mpeni ukurasa wake, na usiunganishwe na ule wa msiba wa leo.

Wodini, msibani na kwenye kundi la WhatsApp la wafiwa msitangaze. Kama mtumishi wenu ameingizwa kwenye kundi hilo kwa ajili ya ratiba, atume ratiba, na mazishi yakiisha aage na atoke.

Baada ya mazishi, tunaruhusiwa kuomba maoni au nyota?

Nyota, hapana. Kumwomba mtu akadirie maziko ya mwanawe kwa nyota moja hadi tano ni jambo ambalo likisemwa kwa sauti linajihukumu lenyewe.

Ujumbe mmoja unatosha, baada ya wiki kadhaa, ukitiwa sahihi na mtu waliyemwona kwa macho: "Mimi ndiye niliyekuwa nanyi siku ya maziko ya Mzee. Vyeti vyake bado viko ofisini, mkipenda nitawaletea. Kama kuna jambo hatukulifanya vizuri, naomba mniambie." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye faida kwenu. Majibu yake hayafai kubandikwa ukutani, ila yanafaa sana kusomwa na dereva.

Tutajuaje kama bado tunasukuma bila kujua?

Sikilizeni simu za wiki moja na muandike swali la kwanza la kila mpigaji. Wakianza na "mnachaji kiasi gani?", orodha ya bei haionekani. Wakianza na "samahani, nauliza tu", kuna kitu kwenye ukurasa kinachowatisha kwamba kuuliza ni kununua. Kwenye kampuni ya ule ukurasa wa Dhahabu, hiyo "nauliza tu" ilikuwa kwenye karibu kila simu. Tulipofuta majina ya madini haikupungua. Ilipungua tulipobadili maneno ya mpokeaji, ambaye kumbe alikuwa akimaliza kila simu kwa kuuliza, "Kwa hiyo tuwaandalie ipi?" Sasa anamaliza kwa kusema, "Jina langu umelipata. Nipo hadi asubuhi."